Mistari Michache Chini ya Picha: Namna Chapa Inavyojibu Uvumi

Kapsheni ni yale maelezo yanayokaa chini ya picha au video kwenye Instagram, TikTok au Facebook. Kwa biashara nyingi, kubwa kwa ndogo, hapo ndipo jibu la kwanza hutokea pale chapa inaposemwa vibaya na maneno yakasambaa. Barua ya "Taarifa kwa Umma" yenye nembo, kumbukumbu namba na muhuri bado ipo, lakini nayo siku hizi hupigwa picha ikawekwa ukurasani, na watu wengi wanaoiona kwenye kioo cha simu hawaikuzi wala hawaisomi hadi mwisho. Wanasoma yaliyoandikwa chini yake.

Nafasi yenyewe ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Instagram huruhusu herufi 2,200, ila mtu anayepita huonyeshwa takriban 125 za mwanzo, nyingine zikafichwa mpaka abonyeze kutaka kuona zaidi. X humpa mwenye akaunti ya kawaida herufi 280. Maana yake ni kwamba kwa wasomaji wengi sentensi ya kwanza ndiyo kapsheni nzima. Kampuni inayoanza na "Uongozi na wafanyakazi wote wanapenda kuutaarifu umma pamoja na wateja wao wapendwa kwamba" imekwisha kutumia karibu nafasi yote kabla haijasema lolote.

Jambo la kuamua kabla ya kuandika ni nani anayeandikiwa. Aliyetoa shutuma ni nadra kubadilishwa na kapsheni, na shabiki wa chapa hana haja nayo. Msomaji anayehusika ni wa tatu: mama aliyerushiwa video kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, ambaye mfuko wa bidhaa ile ile uko jikoni kwake, naye amefungua ukurasa wa kampuni kuona kama kuna neno. Anataka kujua kama ni kweli, na afanye nini na ule mfuko. Huku akitafuta hayo mawili anapima pia namna anavyosemeshwa: je, amechukuliwa kama mteja mwenye wasiwasi wa haki, au kama mmoja wa wazushi?

Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza kwamba nguvu ya uvumi hutokana na vitu viwili vinavyozidishana: uzito wa jambo kwa wanaolisikia, na utata wa ushahidi uliopo. Kwa kuwa vinazidishana, kimoja kikifika sifuri uvumi haupati nguvu hata kingine kikiwa kikubwa namna gani. Watafiti wa baadaye wameongeza mambo mengine, hasa hofu, lakini kwa mwandishi wa kapsheni mgawanyo ule bado unafaa kuliko mwingine wowote. Uzito wa jambo hauko mikononi mwa kampuni. Chakula cha watoto ni chakula cha watoto, na kampuni inayoandika kwamba suala hili "limekuzwa" inajaribu kupunguza kisichopunguzika, na hapo ndipo huwasha moto wa pili. Kilicho mikononi mwake ni utata. Basi ukweli unaotolewa kwenye kapsheni una kazi ya kupunguza utata, na sauti ya kapsheni ina kazi ya kuonyesha kwamba uzito umekubaliwa. Mmoja hauwezi kufanya kazi ya mwingine. Upole mwingi usio na ukweli ndani yake hausaidii kitu, na ukweli mtupu uliosemwa kwa kiburi hugeuka kuwa shutuma mpya.

Mfano wa ukweli uliogeuka shutuma ulitokea Kenya mwanzoni mwa Januari 2022, pale migahawa ya KFC nchini humo ilipoishiwa chipsi. Viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje kwa meli, na mizigo ilikuwa imechelewa wakati ule wa msukosuko wa usafirishaji ulioletwa na korona. Tangazo la kwanza mtandaoni lilikuwa la utani: kwamba wateja wamezipenda chipsi kupita kiasi hadi zimekwisha. Kampuni ikaomba radhi na kutaja vyakula vingine ambavyo mteja angeweza kupewa badala yake. Kwa tatizo la siku mbili tatu, tangazo lile halikuwa baya.

Shida ilikuja na swali la Wakenya. Nchini mwao kiazi ni zao la chakula la pili kwa umuhimu baada ya mahindi; Nyandarua, Meru na Nakuru hujaa viazi hadi wakulima hulalamikia bei kuwa chini. Vipi basi mgahawa ulioingia nchini tangu mwaka 2011 uishiwe viazi kwa sababu meli imechelewa? Kampuni ikajibu kwamba kila anayeiuzia bidhaa lazima kwanza apitishwe kwenye utaratibu wa kimataifa wa uhakiki wa ubora, na kwamba utaratibu huo haurukwi hata akiba ikiisha, ili chakula kiwe salama kwa wateja.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba jibu hilo lilikuwa la uongo. Migahawa ya mtandao wa kimataifa hufanya kazi hivyo. Lakini lilijibu swali ambalo halikuulizwa. Watu hawakuuliza kwa nini kampuni hainunui viazi leo jioni. Waliuliza kwa nini kwa miaka zaidi ya kumi haikuwahi kumpitisha hata mkulima mmoja kwenye huo utaratibu wake. Na lile neno la usalama, lililowekwa mwishoni kama sababu njema, lilisikika masikioni mwa mkulima wa Ol Kalou kama hukumu kwamba kiazi chake si salama. Wito wa kuisusia kampuni ukapanda hadi kuongoza mijadala ya Wakenya kwenye mtandao ambao wakati ule bado uliitwa Twitter. Ndani ya siku chache kampuni ikatangaza kwamba itatafuta wauzaji wa viazi wa ndani ya nchi.

Kapsheni iliyofaa ingekiri kwanza lile lililokuwa kweli katika shutuma. Kwa mfano, mradi kila neno lithibitishwe na idara ya ununuzi kabla ya kuwekwa: "Chipsi zimekwisha kwa sababu mzigo wetu umechelewa njiani. Mnaouliza kuhusu viazi vya Kenya mna haki ya kuuliza: mpaka leo hatuna muuzaji wa viazi wa hapa nchini aliyekamilisha taratibu zetu. Tumeanza kulishughulikia, na tutawaeleza tulipofika." Sentensi hizo hazina neno la kuwatetea wakubwa wala la kuwalaumu wakulima. Zinakiri pengo, nazo ni fupi.

Inafaa kulinganisha na yaliyotokea Uingereza mnamo Februari 2018. KFC hiyo hiyo ilibadilisha kampuni ya kuisambazia kuku, mpango ukavurugika siku za mwanzo, na migahawa mingi kati ya takriban 900 ya nchi hiyo ikafungwa kwa kukosa kuku. Kampuni ilinunua ukurasa mzima kwenye magazeti ya Metro na The Sun, ikaweka picha ya ndoo yake tupu ambayo herufi tatu za jina lake zilikuwa zimepangwa upya hadi zikakaribia tusi, na chini yake maneno machache ya kuomba radhi. Tangazo lilisifiwa sana, na tangu hapo wauzaji wengi wa mitandaoni wameamini kwamba utani ndiyo dawa. Utani ulifaa pale kwa sababu aliyekuwa akichekwa ni kampuni yenyewe, kosa lilikuwa lake bila ubishi, na mteja hakupoteza zaidi ya mlo wa mchana. Nairobi utani ulitangulia kabla kampuni haijajua watu watakasirikia nini, na jambo lilipogeuka kuwa la riziki ya wakulima, ule utani wa mwanzo ukabaki pale ukurasani ukisomeka kama dhihaka.

Hayo yanahusu shutuma yenye ukweli ndani yake. Uvumi wa uongo una tabu ya aina nyingine, nayo ilionekana vizuri Marekani mwaka 1978, uliposambaa uvumi kwamba hambaga za McDonald's zimechanganywa na nyama ya minyoo. Kampuni ilikanusha kwa nguvu, hasa katika eneo la Atlanta ambako uvumi ulishika zaidi. Ray Kroc, aliyeikuza kampuni hiyo, alieleza hata kwamba minyoo ni ghali kuliko nyama ya ng'ombe. Mahesabu yake yalikuwa sahihi, na biashara haikupona kwa sababu yake. Mwaka 1981 watafiti Alice Tybout, Bobby Calder na Brian Sternthal walichapisha majaribio yaliyoonyesha sababu. Waliosikia uvumi kisha wakasikia kanusho waliendelea kuiona McDonald's vibaya karibu sawa na waliosikia uvumi peke yake. Lakini walioulizwa maswali ya kawaida kuhusu mgahawa wanaoujua wao wenyewe, kama vile uko wapi na huenda mara ngapi, maoni yao yalirudi kuwa mazuri. Kanusho lilikuwa limeyaweka tena pamoja maneno mawili, jina la chapa na mnyoo. Maswali yaliupa ubongo kitu kingine cha kushika.

Utafiti wa miaka ya karibuni umepunguza hofu hiyo kidogo. Kutaja uvumi mara moja ndani ya ufafanuzi mzuri hakuna madhara makubwa yaliyodhaniwa zamani, na wakati mwingine ni lazima, maana anayetafuta jibu hutafuta kwa maneno ya uvumi wenyewe. Kinachoshauriwa ni mpangilio: ukweli utangulie, uvumi utajwe mara moja, ielezwe kwa nini watu wameuamini, kisha ukweli urudi. Hiyo sehemu ya tatu, ya kueleza kwa nini jambo la uongo limeonekana kuwa la kweli, ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo yenye thamani kuliko zote. Msomaji ameiona video kwa macho yake. Kumwambia tu kwamba ni uzushi ni kumwambia kwamba macho yake yamemdanganya, bila kumwonyesha yamedanganywaje.

Video za "ngano yenye plastiki" ni mfano ulio wazi kabisa. Mtu hukanda donge la unga wa ngano, hulishika chini ya bomba au ndani ya bakuli la maji na kulikamuakamua. Maji hutoka meupe, donge hupungua, na mwishowe hubaki kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika kama ubani wa kutafuna. Mwaka 2017 video za namna hii zilienea India zikiitaja Aashirvaad, chapa ya unga ya kampuni ya ITC. Kile kinachobaki ni gluteni, protini ya ngano yenyewe. Maji huuchukua wanga na kuiacha protini, kwa sababu protini hii haiyeyuki majini. ITC ilikwenda mahakamani, lakini pia ilieleza hilo la gluteni na kuonyesha kwamba kanuni za chakula za India zenyewe zinadai unga wa aina hiyo uwe na kiasi fulani cha chini cha gluteni. Kitu kilichotajwa kama ushahidi wa uchafu kilikuwa sharti la ubora.

Ichukuliwe sasa kwamba video kama hiyo inatokea hapa Afrika Mashariki, na mfuko unaoonekana ndani yake ni wa kiwanda kidogo cha ngano, cha kubuni, kinachouza katika mikoa mitatu. Siku ya Jumanne asubuhi video inaingia kwenye magrupu. Msimamizi wa ukurasa wa kiwanda asikimbilie kuandika. Kwanza aangalie kama jambo limefika kwa wateja wenyewe. Dalili ya kuaminika ni swali lile lile kutoka kwa watu wasiojuana: muuza duka mmoja anapiga simu, mteja anaandika kwenye ujumbe wa ndani, dereva wa gari la kusambaza anasimuliwa sokoni. Ikiwa ni mtu mmoja tu ameandika komenti moja, ajibiwe pale pale chini ya komenti yake. Kuweka posti nzima mbele ya wafuasi elfu arobaini ambao hawajasikia kitu ni kuwapelekea uvumi nyumbani. Hapa dalili zote tatu zimeonekana kufikia saa 6 mchana, kwa hiyo jibu linahitajika siku hiyo hiyo.

Saa mbili tatu zinazofuata ni za kukusanya, na mengi ya kukusanya hayako kwenye ofisi ya matangazo. Msimamizi wa ubora asome namba ya bechi kwenye mfuko wa ndani ya video, kama inasomeka, na atoe kumbukumbu za bechi hiyo: ngano ilitoka wapi, ilisagwa lini, chujio na sumaku zilikaguliwa lini. Sampuli aliyoihifadhi itolewe na ipelekwe maabara. Yeye mwenyewe aoshe donge la unga wake, kisha aoshe donge la unga wa chapa nyingine mbili, na kazi hiyo irekodiwe. Mtu mmoja, meneja au mwenye kiwanda, apewe kazi ya kuidhinisha kapsheni. Zikipita kwa watu watano itatoka Alhamisi.

Rasimu ya kwanza inayozaliwa katika hali hii hufanana sana kiwanda hadi kiwanda:

"TAARIFA KWA UMMA. Tumesikitishwa na video ya uzushi inayosambazwa na watu wasioitakia mema kampuni yetu, wakidai unga wetu una plastiki. Unga wetu HAUNA plastiki na HAUJAWAHI kuwa na plastiki. Tunawaomba wateja wetu wapuuze uzushi huo. Hatua kali za kisheria zitachukuliwa kwa wote wanaousambaza. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Neno plastiki limetajwa mara tatu. Aliyesambaza video kwa nia njema, ambaye huenda ni huyo mama mwenye mfuko jikoni, ameingizwa kundi moja na wasioitakia mema kampuni, kisha akatishiwa. Hakuna hata kitu kimoja anachoweza kukihakiki. Na radhi ya mwisho haijulikani inaombwa kwa kosa gani, maana mistari iliyotangulia imesema hakuna kosa. Usumbufu "wowote" ni usumbufu ambao mwandishi hakutaka kuutaja. Radhi ya namna hiyo huwekwa kwa mazoea, na wasomaji wa Kiswahili wameizoea kiasi kwamba hawaisikii tena.

Baada ya kukusanya taarifa, kapsheni inaweza kuwa hivi:

"Kinachobaki mkononi kwenye ile video ni gluteni, protini iliyomo ndani ya kila unga wa ngano. Ndiyo inayofanya chapati ivutike bila kukatika. Ukiosha donge, maji huondoa wanga na kuiacha gluteni, na kwa kuwa haiyeyuki, inafanana na mpira. Tunaelewa kwa nini wengi mmedhani ni plastiki. Jaribu nyumbani kwa unga wa ngano wa chapa yoyote: kanda donge dogo, liache nusu saa, kisha likamue ndani ya maji mpaka yaache kuwa meupe. Sisi tumefanya kwa unga wa chapa tatu, telezesha uone. Sampuli ya bechi iliyoonekana kwenye video imepelekwa maabara leo. Majibu tutayaweka hapa yakitoka, na Ijumaa saa 10 jioni tutawaeleza yalipofikia. Mwenye mfuko na hana amani nao aurudishe dukani alikonunua, atabadilishiwa au kurudishiwa fedha. Maswali: namba ya simu ipo juu ya ukurasa."

Sentensi ya kwanza ina herufi chini ya 100, kwa hiyo inaonekana yote bila kubonyeza, na inasema kitu ni nini badala ya kusema si nini. Neno plastiki limo mara moja tu, katikati, ili anayelitafuta akutane na jibu. Maneno "tunaelewa kwa nini wengi mmedhani" ndiyo sehemu ya sauti. Ni machache, na yanatosha kumtoa mteja kwenye kundi la wazushi. Jaribio la nyumbani ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu halimtaki msomaji aiamini kampuni. Lakini jaribio huchaguliwa kwa uangalifu. Kwenye video nyingi za aina hii watu hukichoma kile kilichobaki, na ingekuwa rahisi kuwaambia wateja wachome pia. Gluteni ikichomwa hunuka na kuwa nyeusi, na plastiki nazo zina namna nyingi za kuungua. Mtu asiye na uzoefu hatapata jibu moja, na jaribio lenye majibu mawili huzaa video nyingine.

Kuna mambo ambayo kapsheni hiyo imeyaacha makusudi. Haikusema "unga wetu ni salama asilimia mia", kwa kuwa majibu ya maabara hayajatoka, na kama maabara itakuta kitu kingine kisichohusiana na plastiki, sentensi hiyo itapigwa skrini shoti na kurudishwa. Nigeria ilipata somo la namna hiyo Desemba 2016, mamlaka ya forodha ilipokamata magunia 102 ya mchele uliodhaniwa kuwa wa plastiki. Vipimo vya wakala wa chakula na dawa wa nchi hiyo vilionyesha kwamba mchele ulikuwa mchele kweli, ila ulikuwa na bakteria kupita kiwango kinachoruhusiwa. Aliyekuwa tayari ameandika kwamba ule mchele hauna tatizo lolote angekuwa amesema kweli kuhusu plastiki na uongo kuhusu mchele. Kapsheni husema ukubwa ule ule wa jambo linalojulikana saa hiyo, na huahidi siku ya kusema zaidi.

Ahadi ya siku ina mtego wake. Maabara ina foleni, na kampuni haina amri juu ya foleni hiyo. Ndiyo maana mfano hapo juu hauahidi majibu siku ya Ijumaa, unaahidi taarifa. Ijumaa saa 10 jioni ikifika na majibu hayapo, iandikwe hivyo hivyo kwamba hayajatoka. Ukimya wa saa hiyo utasomwa kuwa majibu yametoka na ni mabaya.

Picha inayobeba kapsheni huharibu kazi nzuri mara nyingi kuliko maneno yenyewe. Desturi iliyoenea ni kuchukua skrini shoti ya uvumi na kuigonga mhuri mwekundu wa "UZUSHI" au "SI KWELI". Mhuri ukikaa pembeni, mtu mmoja huukata, na kampuni inakuwa imeutengenezea uvumi nakala safi yenye mwanga mzuri. Mhuri, kama lazima utumike, upite juu ya maneno ya uvumi yenyewe hadi yasiweze kutumika tena. Afadhali zaidi ni picha inayobeba ukweli: kwa mfano wa ngano, mabakuli matatu, chapa tatu na gluteni tatu zilizofanana, na sentensi ile ya kwanza ikiwa imeandikwa juu ya picha. Watu hupeleka picha WhatsApp na kuiacha kapsheni nyuma, kwa hiyo jibu lisilokuwepo ndani ya picha halisafiri. Tarehe nayo iandikwe juu ya picha. Uvumi wa namna hii hurudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na jibu lisilo na tarehe huzua maswali mapya kwamba kumbe jambo limetokea tena.

Kutishia sheria kwenye kapsheni ni jambo la kupimwa kwa makini. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayogusa kusambaza taarifa za uongo, na kampuni yenye madai ya kweli ina njia ya kwenda polisi au mahakamani. Njia hiyo haihitaji kutangazwa chini ya picha. Tishio halimsaidii mwenye mfuko jikoni kujua chochote, na kwa aliyekuwa na shaka linaonekana kama jibu la mtu aliyekosa jibu. Kuna pia hatari ya kisheria kwa kampuni yenyewe. Mteja akilalamika hadharani, ni rahisi mfanyakazi aliyekasirika aweke risiti yake, namba yake ya simu au mazungumzo yao ya faragha ili kuonyesha kwamba anasema uongo. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata pale ambapo mteja amekosea kabisa, taarifa zake si za kampuni kuzianika.

Kapsheni ikishawekwa, kazi huhamia kwenye komenti, na humo hali ya saa mbili za kwanza huamua wanaofuata watasomaje. Swali la kweli lijibiwe kwa ukweli ule ule wa kapsheni, kwa maneno tofauti kidogo, maana jibu moja lililonakiliwa mara thelathini humfanya msomaji aone kwamba hakuna mtu nyuma ya ukurasa. Tusi liachwe, lisifutwe isipokuwa linamlenga mtu kwa jina au linavunja sheria. Kufuta komenti za lawama ni kosa linalogundulika haraka kuliko mengine yote, kwa kuwa wenye komenti huwa wameshapiga skrini shoti kabla. Dalili kwamba kapsheni inafanya kazi si wingi wa mioyo chini yake. Ni pale wateja wanapoanza kujibiana wenyewe, mmoja akimwambia mwenzake kwamba naye ameosha donge lake na ameona. Dalili kwamba imeshindwa ni swali la kwanza kubadilika: watu wakiacha kuuliza kuhusu unga na kuanza kuuliza kwa nini kampuni imeongea vile, basi sauti imeuzidi ukweli na inahitajika posti ya pili, fupi, yenye jina la mtu anayewajibika.

Marekebisho nayo yana adabu yake. Kama kapsheni ilikosea kitu, mathalani namba ya bechi, isibadilishwe kimyakimya. Iongezwe mstari mwishoni unaosema nini kimerekebishwa na lini. Majibu ya maabara yakitoka yawekwe kwenye posti mpya, na ile ya zamani iongezewe mstari wa kumwelekeza msomaji huko. Ibaki imebandikwa juu ya ukurasa mpaka maswali yaishe dukani, kisha ibanduliwe, ila isifutwe. Nakala zake zitaendelea kuzunguka, na mtu atakayekuja kuhakiki baada ya miezi sita anapaswa kuukuta mwanzo wake mahali pake.

Kuna kikomo kimoja ambacho kapsheni haivuki. Wanunuzi wengi wa unga hawafuati ukurasa wa kiwanda chochote. Video imewafikia kwa WhatsApp, au wamesimuliwa tu na jirani. Anayewajibu ni muuza duka. Kwa hiyo siku ile ile ya Jumanne, maneno ya kapsheni hufupishwa yakawa karatasi moja ya kubandika kaunta, na sauti ya nusu dakika ya kutumwa kwa mawakala, ikisema kile kitu ni gluteni, namna ya kujaribu, na kwamba mfuko unarudishwa bila maswali. Mawakala wanaipata kabla posti haijawekwa ukurasani, ili mteja wa kwanza atakayeingia na simu mkononi asimkute muuza duka naye anaiona video kwa mara ya kwanza.